Mfuko Nambari Moja, Lakini Nambari Moja kwa Nani?

Leo sina video. Hii nimeamua kuiandika kwa sababu ina hesabu ndani, na hesabu kwenye video ya dakika tatu huwa inanishinda. Pia sitaki kujificha nyuma ya muziki.

Mnaikumbuka ile video yangu ya kupanga mifuko ya hisa, kutoka nambari moja mpaka wa mkia? Wengi wenu mlinijulia hapo. Sasa, mfuko niliouweka nambari moja ndio ulioniingiza kwenye shida na mama yangu. Na shida na mama yangu maana yake ni shida na wanawake 12, kwa sababu mama ako na chama.

Chama kilikuwa na Sh480,000, kila mmoja ametoa 40,000 pole pole kwa miaka. Hiyo pesa ilikuwa malipo ya kwanza ya kiwanja, na mwenye kiwanja aliwapa mpaka mwezi wa Desemba. Mama aliwaonyesha video yangu kwenye simu. "Huyu ni kijana wangu, alisomea hesabu." Nilisomea hesabu za bima miaka miwili, karo ikanishinda, nikaacha chuo. Hiyo sehemu ya pili hakuisema. Wakaniita, nikaenda, nikanywa chai na mandazi, nikawaeleza kwamba mfuko huu una beta ya 0.6, yaani soko likishuka shilingi kumi, huu unashuka kama sita tu. Wakafurahi. Wakaweka yote.

Miezi mitano baadaye soko lilikuwa limeshuka asilimia 8. Mfuko wa kina mama ulikuwa umeshuka asilimia 31. Ile 480,000 ilikuwa imebaki 331,200. Waliniita tena, na safari hii chai haikuwepo. Mweka hazina wao huuza mitumba, na kwa hesabu za kichwa ananishinda mbali. Aliniuliza hivi, bila hata kupaza sauti: "Kijana wangu, soko limeshuka nane. Nane mara hiyo nukta sita yako ni kama tano. Hizi zingine ishirini na sita zimetoka wapi?"

Nilimwambia soko ni soko, mama. Jibu la kijinga kabisa. Jibu la kweli ndilo hili ninaloandika leo, na lilinichukua wiki mbili za kurudia noti zangu za chuo ambazo nilikuwa nimezitupa chini ya kitanda.

Tuanze na vile nilipanga ile orodha. Ukitaka kulinganisha mifuko huwezi kuangalia faida peke yake, hilo kila mtu analijua. Mfuko uliopata asilimia 17 kwa kukutoa jasho usiku si sawa na uliopata 16 ukiwa umelala. Kwa hivyo kwanza unaondoa ile faida ambayo ungeipata bila kuhangaika, kwa mfano ya hati za Hazina za siku 91, ule mkopo mfupi tunaoipa serikali. Kinachobaki ndicho faida ya ziada, yaani malipo yako kwa kukubali hatari. Kisha unagawanya hiyo faida ya ziada kwa kiasi cha hatari. Mpaka hapo wote tunakubaliana. Ugomvi uko kwenye namba ya chini: ni hatari gani hasa unayogawanyia?

Kuna majibu mawili maarufu, na yalitoka karibu wakati mmoja. Mwaka 1965 Jack Treynor, Mmarekani, aliandika kwamba ugawanye kwa beta, yaani kwa kiasi ambacho mfuko hutikisika pamoja na soko. Mwaka uliofuata William Sharpe akaandika kwamba ugawanye kwa mtikisiko wote wa mfuko, uwe umetoka sokoni au umetoka mahali pengine popote. Huo mtikisiko wote ndio ile kitu mwalimu wa takwimu huita mkengeuko sanifu. Sharpe alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake ya jinsi hatari inavyopewa bei. Chuoni tulifundishwa hizi mbili ndani ya somo moja, dakika kumi, kama mapacha. Mwalimu alisema "mara nyingi zinatoa mpangilio unaofanana" tukaendelea mbele. Na hakudanganya. Sharpe mwenyewe kwenye ile kazi ya 1966 alijaribu vipimo vyote viwili kwa mifuko 34 ya Amerika, na mipangilio ikakaribiana sana.

Lakini ilikaribiana kwa sababu ile mifuko ilikuwa imetawanya pesa kwenye hisa nyingi. Hiyo ndiyo sentensi nilihitaji kusikia na sikuisikia.

Sasa niwape namba. Nimezirahisisha ili mfuate, na ili mifuko yenyewe isitambulike, maana kosa hapa ni langu na si la meneja wa mfuko. Hati za Hazina tuseme zililipa asilimia 10 kwa mwaka. Soko lenyewe, kwa fahirisi ya NASI, lililipa 14, na mtikisiko wake ulikuwa 18. Kuna mfuko nitauita Mpana, umeshika hisa nyingi: ulilipa 16, mtikisiko 17, beta 0.9. Na kuna mfuko nitauita Mwembamba, umeshika hisa chache tu ambazo meneja anaziamini sana: ulilipa 17, mtikisiko 30, beta 0.6.

Kwa Treynor, Mpana ni 6 gawanya kwa 0.9, unapata 6.7. Mwembamba ni 7 gawanya kwa 0.6, unapata 11.7. Mwembamba anashinda kwa mbali sana.

Kwa Sharpe, Mpana ni 6 gawanya kwa 17, unapata 0.35. Mwembamba ni 7 gawanya kwa 30, unapata 0.23. Mpana anashinda. Mwembamba hapa ako karibu sawa na soko lenyewe, ambalo ni 4 gawanya kwa 18, yaani 0.22.

Data ni moja, miaka ni ileile, na bado nambari moja wamebadilishana. Mimi nilikuwa na safu zote mbili kwenye jedwali langu. Mnataka kujua kwa nini nilichagua ya Treynor kwa video? Nitasema ukweli na mnicheke. Namba za Treynor zilikuwa kubwa. 11.7 dhidi ya 6.7 inaonekana vizuri kwa skrini ya simu, mtu anaona pengo. 0.35 na 0.23 ni nani atazisimamia? Hiyo ndiyo sababu yote. Hakukuwa na nadharia yoyote.

Turudi kwa swali la mweka hazina. Zile 26 zilitoka wapi?

Mtikisiko wa mfuko una sehemu mbili. Moja inatoka sokoni: riba imepanda, shilingi imeanguka, wawekezaji wa nje wanauza kila kitu na kuondoka. Hiyo inagusa karibu hisa zote kwa pamoja na ndiyo beta huipima. Ya pili ni ya kampuni zenyewe: kiwanda kimefungwa, mkurugenzi amejiuzulu, mkopo mkubwa umekataa kulipwa. Hiyo beta haiioni kabisa. Si kwamba inaiona ndogo, haiioni.

Na sehemu hizi mbili hazijumlishwi kama kilo za unga. Zinajumlishwa kama pande za ile pembetatu ya Pithagorasi ya darasa la nane. Mtikisiko wote wa Mwembamba ni 30. Upande wa soko ni beta mara mtikisiko wa soko, yaani 0.6 mara 18, unapata 10.8. Upande uliobaki ukiutafuta unapata 28, kwa sababu 10.8 kwa mraba ukijumlisha 28 kwa mraba unakaribia kabisa 30 kwa mraba. Fanya hivyohivyo kwa Mpana: upande wa soko ni 16.2, na uliobaki ni 5.2 tu.

Ona hiyo 28 vizuri. Karibu mtikisiko wote wa Mwembamba ulikuwa wa kampuni zake, na mimi nikaenda mbele ya kina mama 12 nikawasomea ile 10.8. Beta yake haikuwa ndogo kwa sababu mfuko umetulia. Ilikuwa ndogo kwa sababu mfuko ulikuwa unatikisika kivyake, kwa mdundo wake, bila kufuata soko. Mlevi anayeyumba barabarani hafuati foleni ya magari, lakini hiyo haimfanyi mtu wa kutulia.

Kilichotokea kwenye ile miezi mitano ni hicho. Kampuni mbili kati ya zile chache zilitoa ilani ya faida kushuka. Huku kwetu kampuni iliyo sokoni inalazimika kutangaza ikiona faida yake itapungua kwa robo au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Hisa zao zikaporomoka. Soko halikuwa na habari, liliteleza tu ile nane yake ya kawaida. Mpana, kwa kulinganisha, ulishuka 9.

Sasa hapa ndipo nilitaka kuandika "tupa Treynor, tumia Sharpe" nimalize nikalale. Nilikuwa hata nimeandika. Halafu nikafanya hesabu moja zaidi na nikafuta kila kitu.

Fikiria si chama cha mama, fikiria mfuko mkubwa wa pensheni ambao tayari pesa zake zimetawanyika soko lote. Anataka kuchukua sehemu ndogo, asilimia 10, aiweke kwa Mpana au kwa Mwembamba. Peke yake, bila kuongeza chochote, soko linampa Sharpe ya 0.22. Akiweka 10 kwa Mpana, faida ya ziada inakuwa 4.2 na mtikisiko wa jumla 17.8, yaani 0.236. Akiweka 10 kwa Mwembamba, faida ya ziada inakuwa 4.3 na mtikisiko wa jumla ni 17.5. Hiyo ni 0.246.

Soma tena. Ameongeza mfuko wenye mtikisiko wa 30 na mtikisiko wake wa jumla ukashuka. Yule mlevi akiwa mmoja kati ya watu wengi, kuyumba kwake kunazimwa na wengine, na kinachobaki ni faida yake na kile kidogo anachoyumba pamoja nao, yaani beta. Kwa huyu mtu wa pensheni, Mwembamba ndiye nambari moja kweli, na Treynor ndiye aliyemwambia ukweli. Zingatia pia kwamba nimetumia Sharpe kuthibitisha hilo, lakini Sharpe ya mkoba wake mzima, si ya mfuko mmoja mmoja.

Kwa hivyo vipimo hivi havipingani. Vinajibu maswali mawili tofauti. Sharpe inauliza: kama huu mfuko ndio kila kitu ulicho nacho, unalipwaje kwa kila kutikisika utakakokuhisi? Treynor inauliza: kama huu mfuko ni kijiko kimoja ndani ya sufuria kubwa iliyochanganywa vizuri, kijiko hicho kinalipaje kwa hatari kinayoongeza kwenye sufuria?

Kina mama walikuwa wameweka sufuria nzima. Mimi nikawapa jibu la kijiko.

Nikaendelea kucheza na namba, maana nilitaka kujua mpaka unapita wapi. Ukipandisha ile sehemu kutoka 10 mpaka 30, Mwembamba bado anashinda, 0.273 kwa 0.262. Ukifika 40 wanakaribia kulingana kabisa, wote ni kama 0.276. Ukifika 50 Mpana ameshapita, 0.289 kwa 0.274. Hizo asilimia si sheria, ni za namba zangu hizi na zinachukulia kwamba pesa iliyobaki imeshika soko zima. Ukibadilisha namba, mpaka unasonga. Lakini mpaka upo, na mtu aliyeweka 100 ako ng'ambo yake ya mbali.

Kuna kitu kingine kuhusu beta ambacho hapa Kenya kinauma zaidi. Beta ni ya kitu fulani. Huwezi kusema "beta yangu ni 0.6" ukanyamaza, ni kama kusema "mimi ni mrefu kuliko" halafu ukaondoka. Mrefu kuliko nani? Mimi nilitumia NASI, fahirisi ya hisa zote za soko la Nairobi, ambayo ilianza 2008 na hupima kila kampuni kwa thamani yake sokoni. Shida ni kwamba Safaricom peke yake hubeba sehemu kubwa mno ya hiyo thamani, kuna nyakati imebeba zaidi ya theluthi moja. Kwa hivyo ukipima beta ya mfuko dhidi ya NASI, kwa kiasi kikubwa unapima ni kwa kiasi gani mfuko huo unacheza pamoja na Safaricom. Mwembamba hakuwa na hata hisa moja ya Safaricom. Basi beta yake ingekosaje kuwa ndogo?

Nikarudia hesabu kwa fahirisi ya NSE 20, ile ya zamani ya kampuni 20, ambayo haiipi Safaricom uzito wa ukubwa wake. Beta ya Mwembamba ikaruka kutoka 0.6 mpaka 1.1. Ya Mpana ikawa 0.85. Treynor mpya: Mwembamba ni 7 gawanya kwa 1.1, yaani 6.4, na Mpana ni 6 gawanya kwa 0.85, yaani 7.1. Nambari moja wangu akashuka bila hata kuuza hisa moja. Nimebadilisha rula tu. Sharpe zao hazikusonga, kwa sababu Sharpe haihitaji fahirisi yoyote kuwepo.

Hili si wazo langu, msinipigie makofi. Richard Roll aliliandika miaka ya 1970: soko lenyewe, lile la kweli lenye kila mali, hakuna anayelishika mkononi, kwa hivyo unatumia fahirisi badala yake, na ukichagua fahirisi tofauti unaweza kupata washindi tofauti. Nilipolisoma chuoni nililiona kama mzaha wa maprofesa. Halafu likatoka kwa spredishiti yangu likanikodolea macho.

Na tukiwa bado hapo, angalieni hisa zisizouzwa kila siku. Soko letu lina kampuni kama 60, na nyingi zinaweza kukaa siku kadhaa bila mauzo ya maana. Bei iliyoandikwa leo ni ya juzi. Soko likianguka leo, hisa hiyo "haijaanguka", itaanguka wiki ijayo mtu akipata mnunuzi. Ukipima beta kwa bei za kila siku, mfuko wenye hisa kama hizo utaonekana haujali soko, kumbe umechelewa tu kusikia habari. Tumia bei za mwezi badala ya za siku. Na ukitaka kujua kama unadanganywa, pima beta kwa siku kisha kwa mwezi. Ikipanda sana ukienda kwa mwezi, ile ndogo ilikuwa ya kuchelewa. Ucheleweshaji huu hupunguza mtikisiko pia, kwa hivyo Sharpe nayo haiko salama kabisa.

Mtu ataniuliza kwa komenti, "na mifuko ya soko la fedha je?" kwa sababu nusu yenu mko huko. Hapo Treynor usiiguse kabisa. Beta yake ni karibu sifuri, na ukigawanya kitu kwa karibu sifuri unapata namba yoyote unayotaka, mia, elfu, hasi elfu. Niliwahi kuona orodha ambapo mfuko wa soko la fedha ulikuwa na Treynor ya mamia na mwandishi akausifu. Na jambo lingine la haraka: mwaka wa hasara vipimo vyote viwili huchanganyikiwa. Mwaka 2023 NASI ilishuka zaidi ya robo, kwa hivyo faida ya ziada ya hisa ilikuwa chini ya sifuri. Chukua mifuko miwili, yote imepoteza 20 chini ya hati za Hazina, mmoja una mtikisiko wa 15 na mwingine 30. Sharpe ya kwanza ni hasi 1.33, ya pili ni hasi 0.67. Ukipanga kutoka juu kwenda chini, ule unaotikisika mara mbili ndio unaonekana bora. Ukiona hasi, acha kupanga kwa uwiano.

Kama unataka kujaribu mwenyewe, hii haihitaji digrii, nawaambia mimi. Tafuta bei za mfuko za mwisho wa mwezi kwa miezi 37, geuza ziwe faida ya kila mwezi, toa faida ya hati za Hazina ya mwezi huo, weka kwa safu B. Fanya vilevile kwa fahirisi, weka kwa safu C. Kisha:

```
=AVERAGE(B2:B37)*12
=STDEV.S(B2:B37)*SQRT(12)
=SLOPE(B2:B37,C2:C37)
=RSQ(B2:B37,C2:C37)
```

Ya kwanza gawanya kwa ya pili, hiyo ni Sharpe. Ya kwanza gawanya kwa ya tatu, hiyo ni Treynor. Kwa SLOPE, mfuko unatangulia na fahirisi inafuata. Ukiwageuza utapata namba inayofanana na beta lakini sio beta, na kompyuta haitakuonya.

Ile ya nne ndiyo ningeomba muiangalie kabla ya zingine. Inakuambia ni sehemu gani ya mtikisiko wa mfuko, ukiwa kwa mraba, inaelezwa na soko. Kwa Mpana ilikuwa 0.91. Hapo Sharpe na Treynor ni vigumu kukosana, tumia yoyote. Kwa Mwembamba ilikuwa 0.13. Yaani beta niliyowasomea kina mama ilikuwa inaeleza asilimia 13 ya hadithi, na mimi niliisoma kama hadithi yote. Hii safu ilikuwepo kwenye jedwali nililotumia kwa video. Niliificha kwa sababu ilikuwa inajaza skrini.

Haki ya Sharpe pia niiseme. Mtikisiko wote ni wa miaka iliyopita, na Sharpe mwenyewe alikubali kwamba bahati mbaya ya kampuni moja mwaka jana haikuambii sana kuhusu mwaka kesho, kwa hivyo beta inaweza hata kutabiri vizuri zaidi ingawa inaeleza yaliyopita vibaya zaidi. Hilo sina ugomvi nalo. Ila mtu mwenye tarehe ya Desemba hana nafasi ya bahati mbaya moja kupita na nzuri kuja.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa chama. Nilibeba karatasi, nikawachorea ile pembetatu: upande mfupi 10.8, upande mrefu 28, mlalo 30. Mweka hazina aliiangalia kwa muda, akaweka kidole kwa ule upande wa 28, akasema, "Kwa hivyo ishirini na sita zetu zilitoka hapa." Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama mimi nilikuwa naijua hii wakati ule wa mandazi. Nikamwambia namba nilikuwa nayo, maana yake sikuwa nayo.

Wamezungumza na mwenye kiwanja, amewaongezea mpaka Machi, kwa nyongeza ya bei. Pesa iliyobaki wamekubaliana kuitoa yote kwa Mwembamba, sehemu iende kwa hati za Hazina za siku 91 na sehemu ndogo kwa Mpana. Wengine walitaka kungoja ipande kwanza, wakabishana karibu saa nzima, kura ikawa 8 kwa 4. Mama alikuwa kati ya wale wanne. Mimi sikuulizwa.

Ile video sijaifuta. Nimeweka maandishi juu yake kwamba mpangilio ule ni wa mtu ambaye tayari ana hisa za soko zima, na nimeongeza safu ya Sharpe na ile ya RSQ hata kama zinajaza skrini. Watazamaji wamepungua. Mnaotaka spredishiti yenye namba za Mpana na Mwembamba, andikeni kwa komenti, nitawatumia.